Mkono wa Digrii Thelathini

Waruguru alikuwa na miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameitumia kupiga hesabu za majengo ya watu wengine kwa jina la mtu mwingine. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili mjini Ruiru, juu ya duka la misumari na saruji, na kibao cha mlangoni kilisema Balwant, Mhandisi wa Miundo. Jina la Waruguru halikuwa mlangoni. Halikuwa popote. Alikuwa na diploma, si digrii, na bodi ya wahandisi haikumjua.

Balwant alimchukua akiwa msichana wa kuchora, akamfundisha kila kitu alichokijua, na hilo si jambo dogo, maana mzee huyo alijua mengi na hakuwa mchoyo. Alimwita beti, binti. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi ikachosha. "Ukimaliza hesabu, beti, usiamini mashine. Piga momenti kwenye mguu." Maana yake ni nyepesi. Chagua mguu mmoja wa jengo, zidisha kila nguvu kwa umbali wake kutoka mguu huo, jumlisha. Jengo likiwa limesimama tuli, jumla lazima iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, mtu amedanganya, na mara nyingi mtu huyo ni wewe.

Mwaka mmoja na nusu uliopita Balwant alipigwa na kiharusi nyumbani kwake Thika. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakamtoka karibu yote. Muhuri wake ulibaki ofisini, kwenye kopo la peremende ndani ya droo ya Waruguru, na Waruguru aliendelea kuutumia. Tusimpambe. Alijua si halali. Lakini kazi zilikuwa mezani, wateja walikuwa mlangoni, na tangu zamani ni yeye aliyekuwa akiugonga huku mzee akitia sahihi bila kusoma, kwa sababu alimwamini. Sahihi nayo alishajifunza kuiiga. Akajiambia ni mpaka mzee apone.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe, maana hapo ndipo penye kisa.

Miaka sita nyuma Waruguru alijitengenezea karatasi ya Excel ya kuhesabu fremu za chuma. Aliionea fahari kwelikweli. Kipande cha chuma hakijui mlalo wala wima. Kinajua mambo yake tu: kuvutwa au kusukumwa kwa urefu wake, kukatwa kwa ubavu wake, na ncha zake kuzungushwa. Ugumu wake huandikwa kwenye matriksi, jedwali la namba sita kwa sita, tatu za ncha hii na tatu za ncha ile. Jengo nalo lina lugha yake: kwenda kando, kwenda juu, kuzunguka. Kipande kikilala, lugha hizo mbili ni moja. Kikiinama, lazima apatikane mkalimani, naye ni matriksi nyingine iitwayo T, iliyojaa kosaini na saini za ile pembe.

Mkalimani huyu ana utaratibu. Kwanza T huichukua misogeo ya jengo na kuitafsiri kwa kipande. Ugumu unajibu kwa nguvu. Kisha T iliyogeuzwa, mistari yake ikiwa imefanywa safu wima, huzirudisha nguvu hizo kwa lugha ya jengo. Kwa hiyo ukiandika, iliyogeuzwa hukaa kushoto, ugumu katikati, T yenyewe kulia. Waruguru aliandika kinyume. T kushoto, iliyogeuzwa kulia. Ni kosa la sekunde moja, na matokeo yake ni kwamba pembe inazungushwa upande usio wake: kinachopanda kinahesabiwa kama kinashuka.

Mbona basi hakugundua? Kwa sababu alikuwa na tabia ya mafundi. Fundi akipima mteremko husema thelathini, hasemi hasi thelathini. Kazi yake ya kwanza na karatasi hiyo ilikuwa kanopi ya duka, ile paa ndogo inayotokea ukutani, imening'inizwa kwa bomba kutoka juu. Bomba lilishuka kutoka ukutani hadi ncha ya kanopi, kwa hiyo pembe ilipaswa kuwa hasi. Aliandika thelathini tupu. Kosa la kwanza likaifuta alama aliyoisahau, na jibu likatoka sahihi. Balwant, akiwa bado mzima, alilihesabu lile jibu kwa mkono na likalingana hadi nukta ya pili. Tangu siku hiyo Waruguru hakuishuku tena karatasi yake. Kanopi nyingine za kuning'inia zilifuata, zikafika kumi na moja, na zote zimesimama mpaka leo.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya kiwanda kimoja cha sabuni mjini Thika, kwenye lango ambapo vibarua hupanga laini alfajiri kungoja kuchaguliwa. Ilikuwa na mikono minne ya bomba, kila mmoja ukishika mita tano za paa. Michoro ilikuwa tayari, muhuri umegongwa, ndipo meneja, Aketch, alipopiga simu.

"Madam, bosi anataka ile ukuta ya juu iwe clear. Tunaweka signboard. Hizo bomba ziweke chini."

"Chini ya kanopi?"

"Eeh. Zishikilie kutoka chini. Si ni the same thing?"

Waruguru aliihamisha ncha ya ukutani kutoka juu hadi chini, akaacha pembe vilevile, thelathini, na karatasi ikampa namba zilezile. Alifurahi, tena alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Nguvu ni ileile, basi bomba ni lilelile, la inchi moja. Jumla ya nguvu za wima ilikuwa sawa na mzigo. Jumla ya za mlalo ilikuwa sifuri. Momenti kwenye mguu hakupiga. Alikuwa na kazi tatu nyingine siku hiyo, na namba zilikuwa za kuzoeleka.

Aliyeshuku alikuwa Gachau, mzee wa kuchomelea, mtu wa miaka sitini na tano ambaye hajawahi kuiona T maishani. Siku ya kuinua mikono alilisimamisha bomba wima, akaliegemea kwa kiganja, likayumba.

"Mwari, binti yangu," alimwambia Waruguru, "hii mkono ni nyembamba. Kitu ya kuvuta na kitu ya kusukuma si moja."

"Imehesabiwa, baba. Kompyuta inasema inavutwa."

Gachau alilitazama bomba, akatazama juu kwenye kanopi, akatazama tena bomba. "Sawa," akasema. "Mimi nachomelea tu." Na alichomelea vizuri.

Hiyo ilikuwa Januari. Mwezi wa nne, Jumanne moja baada ya chakula cha mchana, Waruguru alikuwa akihesabu ngazi za hosteli ya wanafunzi kule Kahawa Wendani. Boriti ya ngazi inapanda, na mwenye hosteli alikuwa msumbufu, alitaka kila kitu kithibitishwe. Kwa hiyo Waruguru akapiga momenti kwenye mguu. Haikuwa sifuri. Akarudia. Haikuwa hata karibu na sifuri. Akabadilisha pembe ya thelathini na tatu ikawa hasi thelathini na tatu, kwa kubahatisha tu, na jumla ikaanguka hadi sifuri safi.

Alifungua seli za ndani, zile ambazo hakuzitazama kwa miaka sita, akaiona T imekaa kushoto. Hakuiwaza hosteli. Ngazi za hosteli zilikuwa bado karatasi. Aliiwaza Thika.

Akaiandika upya hesabu ya kanopi, kwa mkono, kama alivyofundishwa. Mkono ulio chini hauvutwi. Unasukumwa, na mtoto wa darasa la nne angekwambia hivyo. Bomba la inchi moja likivutwa hubeba zaidi ya tani tano. Likisukumwa, kwa urefu ule wa karibu mita tatu na ncha zilizoshikwa na bati jembamba, hupinda kabla ya kufika kilo mia nane. Kanopi ikiwa kavu, kila mkono ulikuwa ukisukumwa kwa kilo kama mia nne. Ndiyo maana ilikuwa imesimama miezi mitatu. Lakini ukingoni kulikuwa na gata pana la kukusanya maji. Likiziba na kujaa, kila mkono ungepata kilo mia sita nyingine. Mia nne na mia sita. Hesabu hiyo haihitaji matriksi.

Nje mawingu yalikuwa yakijikusanya, kama kila jioni ya wiki hiyo.

Alimpigia Aketch, akasema kanopi ifungwe, watu wasipite chini yake, na iwekwe miti ya kuitegemeza kesho asubuhi. Aketch hakuwa mjinga wala katili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, mimi niko na barua ya engineer hapa kwa file, na stamp. Inasema kanopi iko safe. Wewe unaniambia si safe. Leta barua ya engineer ikisema hivyo, nafunga gate hiyo saa hiyohiyo. Bila hiyo bosi ataniuliza kwa nini nimefunga lango la kiwanda."

"Mimi ndiye nilihesabu."

"Wewe ni secretary yake, ama?"

Miaka kumi na tisa, na hilo ndilo jina lililokuwa limemfikia Aketch.

Alipiga simu kwa kaunti. Wakataka barua ya mhandisi. Akampigia mhandisi mmoja waliyesoma naye. Akasema yuko Kisumu, atapitia Jumatatu. Basi akaenda Thika, nyumbani kwa Balwant.

Mehak, binti wa mzee, alimpokea kwa heshima, akamletea chai, akawaacha wawili hao sebuleni. Balwant alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini. Waruguru alipiga magoti kando yake na kuitandaza karatasi. Hakuficha kitu. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameuficha huu mwaka mzima na nusu: muhuri, sahihi, kanopi, vyote akavitaja.

Mzee aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Halafu mkono wake wa kushoto ukachukua kalamu. Polepole, kwa mwandiko wa mtoto, akaikata T ya kushoto na kuandika pembeni yake T nyingine yenye alama ndogo ya kugeuzwa. Aliielewa yote. Alikuwa bado humo ndani, mzima kabisa, na hakuna aliyeweza kumfikia. Akachora mguu wa kanopi, na kando ya mguu akachora kishale cha kuzunguka, ishara ya momenti. Akamtazama Waruguru. Machozi yalikuwa yakimtiririka shavuni, lile shavu la upande uliokufa, na huenda hakuyahisi.

"Nisainie, Mzee," Waruguru akasema. "Barua moja tu, mistari miwili."

Akamwekea barua. Balwant alijaribu. Kalamu ilitoa mikwaruzo ambayo haikufanana na jina la mtu yeyote. Alijaribu mara ya pili, kisha akaiacha kalamu ianguke sakafuni.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumatano Waruguru alifanya alichokuwa akikifanya siku zote. Alichapa barua safi, akalifungua kopo la peremende, akagonga muhuri, akaiiga sahihi. Mara hii tu alikuwa akiiiga ili kusema ukweli. Saa nne alikuwa mbele ya meza ya Aketch.

Aketch aliisoma barua mara mbili. Akaichomoa ile ya zamani kwenye faili, akazilaza sambamba. Muhuri uleule, sahihi ileile. Akainua simu, akapiga nyumbani kwa Balwant.

"Nimesikia Mzee Balwant ni mgonjwa. Wacha niconfirm tu."

Waruguru alimsikia Mehak upande wa pili, sauti ndogo na ya upole. Hapana, baba hajaandika barua yoyote. Baba hawezi hata kutia sahihi tangu mwaka juzi. Nani anatumia jina la baba? Mehak hakuwa na ubaya. Alijibu alichoulizwa.

Aketch aliirudisha simu taratibu. "Madam, hii ni forgery."

"Ni forgery. Na ile nyingine pia ni forgery. Ile uliyojengea."

Hapo Waruguru aliona kwamba amemchanganya. Aketch alifuta uso kwa kiganja. Kama ile ya kwanza ni ya uongo, basi kiwanda kimejenga bila mhandisi na yeye ndiye aliyeipokea. Kama ya pili tu ndiyo ya uongo, basi mbele yake yuko mwanamke aliyechanganyikiwa. Binadamu akipewa njia mbili, huchukua ile inayomwacha kazini.

"Nitaongea na bosi weekend," akasema. "Sasa tafadhali toka, kabla sijaita mtu."

Alitoka. Jioni alimtafuta Gachau, akamweleza yote kwenye benchi la nje ya karakana yake. Alingoja alaumiwe. Gachau alitikisa kichwa tu.

"Nilijua ni nyembamba," akasema. "Na mimi nilinyamaza. Kesho mapema nakuja na miti nane na pikipiki ya mizigo."

Mvua ilinyesha usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi ya Alhamisi, Waruguru na Gachau walikuwa langoni wakiwa na miti yao, na askari wa lango, Musau, hakuwaruhusu kuipeleka chini ya kanopi. Alikuwa na agizo: yule mama wa barua asiingie. Aliwaomba msamaha kwa kulisema hilo.

Mvua ilikuwa bado inakuja, si ya kelele, ile ya kukaa. Vibarua walikuwa wamejaa chini ya kanopi, kama sitini, wamebanana kwenye ukuta ili wasilowe. Gata lilikuwa limeziba kwa majani ya jakaranda, na maji yalikuwa yakimwagika juu ya ukingo wake, mbele na nyuma, kwa urefu wote. Waruguru alihesabu bila kutaka. Mia nne na mia sita.

Alikwenda mwanzo wa laini, akawaambia watoke. Aliwaambia kwa Kiswahili, akawaambia kwa Kikuyu. Kanopi itaanguka. Wengine walicheka kidogo, wengine walitazama juu na kuona bati na rangi mpya. Mwanamke mmoja mbele kabisa, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alimjibu kwa adabu. Wenzake walimwita Wanja.

"Mama, nimefika hapa saa tisa usiku. Nikitoka kwa laini, nafasi imeenda. Wewe utanipea kazi?"

"Nitakupea chochote. Toka tu, tafadhali."

"Unasema hivyo kwa sababu hujui njaa," Wanja akasema, bila hasira, akageuka kutazama lango.

Waruguru alimshika mkono, akamvuta. Wanja alijinasua. Gachau alikuwa tayari amepita kando ya Musau na mti mmoja begani, akitembea haraka kuelekea mkono wa pili kutoka ukingoni, na Musau akimfuata akiita, "Mzee, mzee, rudi." Gachau aliusimamisha mti. Ulikuwa mfupi kwa kiganja kimoja. Akainama kutafuta jiwe la kuweka chini yake.

Hapo Waruguru aliuona ule mkono ukipinda. Haukuvunjika, haukutoa sauti. Ulitoka kando kwa upole katikati ya urefu wake, kiasi cha upana wa kidole, halafu wa kiganja, halafu haukuwa tena mkono wa kitu chochote. Wa tatu ukaufuata. Bolti za juu ukutani, ambazo karatasi ilisema zinasukumwa, zilichomoka kama misumari kwenye tope, na nusu ya kanopi ikashuka pamoja na maji yake yote.

Wengi waliruka. Walioumia walikuwa sita. Gachau alivunjika bega, akaishi. Wanja, aliyekuwa mbele kwenye nafasi yake ya kwanza, alitolewa baada ya nusu saa, kitambaa cha kijani kikiwa bado kichwani, naye alikuwa ameshakufa.

Afisa wa polisi alifika saa mbili na nusu na daftari lililofunikwa mfuko wa nailoni. Alizungumza na Musau, akazungumza na Aketch, aliyempa faili lenye mchoro. Kisha akaja kwa Waruguru, aliyekuwa ameketi kwenye miti saba iliyobaki, nguo zimemganda mwilini.

"Nani alichora hii kitu?"

"Ni mimi," Waruguru akasema. "Mimi nilichora. Mimi nilihesabu. Niliweka T mahali pa ile iliyogeuzwa, na pembe nikaiandika bila alama. Kosa ni langu. Andika jina langu: Waruguru."

Afisa aliufungua mchoro, akatafuta kwa kidole chini upande wa kulia, akaona muhuri. Akauandika, herufi kwa herufi, B, A, L, W, A, N, T.

"Huyu anaishi wapi?"

"Si yeye. Huyo ni mgonjwa, hawezi hata kusema. Ni mimi."

"Nimekusikia, mama," afisa akasema, na hakuinua macho. "Wewe nitakuandika kama shahidi."